Rubriki inayompa alama mwanafunzi aliyesoma, si aliyenakili

Wahadhiri wanaoanza kusahihisha insha na ripoti huuliza maswali yaleyale. Nikate alama ngapi mwanafunzi akikosea koma kwenye orodha ya marejeleo? Asilimia ngapi za ufanano ni nyingi mno? Akibadilisha maneno lakini sentensi ikabaki ileile, nihesabu kwamba amenakili? Yote haya hujibiwa na rubriki, na rubriki nyingi hazina jibu kwa sababu zina mstari mmoja tu: "Marejeleo: alama 5".

Mstari huo humfanya msahihishaji atazame kinachoonekana upesi. Orodha ni ndefu, miaka imo kwenye mabano, majina yamepangwa kialfabeti, basi alama tano. Mwanafunzi aliyenakili kwa uangalifu anazipata zote, na yule aliyesoma makala mbili kwa kina lakini akasahau namba ya toleo la jarida anapata tatu. Dawa yake ni rubriki inayokulazimisha kufungua chanzo na kukisoma kando ya sentensi ya mwanafunzi. Huhitaji kufungua vyanzo vyote. Vitatu kwa kila kazi vinatosha, mradi uvichague kwa kanuni moja kwa wote.

Kabla ya kuanza, uwe na:

- Mtindo mmoja wa marejeleo uliotajwa pamoja na toleo lake, kwa mfano APA toleo la 7. Ukisema "APA" tu, wanafunzi watafuata miongozo ya matoleo tofauti na utakata alama kwa kosa lisilo lao.
- Kanuni za chuo chako kuhusu wizi wa kitaaluma: nani anapokea taarifa, na kwa utaratibu gani.
- Kazi tatu au nne za wanafunzi wa miaka iliyopita, majina yakiwa yameondolewa, za kujaribia.
- Mhadhiri mmoja mwenzako aliye tayari kusahihisha kazi hizo nawe, kila mtu kivyake.

Mfano ninaoutumia hapa ni wa kazi ya alama 100, ambapo 30 ni za matumizi ya vyanzo na 70 zinabaki kwa hoja, mpangilio na lugha. Chini ya 20, mwanafunzi hataona sababu ya kubadili mazoea yake.

## Hatua

1. Tenganisha kinachokatwa alama na kinachopelekwa kwenye nidhamu.

Mambo mawili hayaingii kwenye rubriki kabisa: kunakili aya za mtu bila kumtaja, na kubuni chanzo kisichokuwepo. Ukiyakuta, simamisha usahihishaji, hifadhi ushahidi, fuata utaratibu wa chuo. Ukiyapa alama sifuri tu kwenye rubriki, unakuwa umetoa hukumu ya wizi bila kumsikiliza mtuhumiwa, na pia umempa nafasi ya kufaulu kwa alama nyingine 70. Andika juu kabisa ya rubriki, kabla ya jedwali, kwamba mambo haya mawili hupelekwa kwenye nidhamu.

Kinachobaki ndani ya rubriki ni udhaifu wa stadi: chanzo kimetajwa lakini hakisemi hicho, chanzo ni dhaifu, maneno ni ya mwandishi ingawa jina lake lipo.

2. Gawa alama 30 kwenye mistari mitatu.

| Mstari | Alama | Zinavyopatikana |
|---|---|---|
| A. Usahihi wa marejeleo | 10 | Sampuli tatu, alama 2 kila moja (6). Marejeleo ya ndani na orodha kulingana (2). Mtindo (2) |
| B. Ubora wa vyanzo | 8 | Madai mawili makuu, alama 3 kila moja (6); kutambua mipaka ya chanzo (2) |
| C. Kueleza upya kwa maneno yake | 12 | Sampuli tatu, alama 4 kila moja |

Mstari C una alama nyingi kwa sababu ndio mgumu kuupata bila kusoma. Mtindo, yaani koma, italiki na mpangilio wa majina, nimeupa 2 tu kati ya 30. Wenzangu wengine huona ni chache mno. Lakini mtindo ni kazi ambayo programu ya kupanga marejeleo huimaliza kwa kubofya, na sioni haki ya kuupa uzito sawa na swali la kama chanzo kinasema kweli kile kinachodaiwa.

3. Andika maana ya kila alama kwa maneno yanayoonekana kwenye karatasi.

Epuka "vizuri sana", "wastani" na "hafifu". Maneno hayo hayamwambii msahihishaji atazame nini. Kwa kila sampuli ya mstari A:

- 2: chanzo kinasema hivyo, na ukurasa au sehemu iliyotajwa ni yenyewe.
- 1: chanzo kinasema sehemu yake tu, au kinasema lakini si kwenye ukurasa uliotajwa.
- 0: chanzo hakisemi hivyo, au kinasema kinyume.

Kwa kila sampuli ya mstari C:

- 4: muundo wa sentensi na mpangilio wa mawazo ni wa mwanafunzi, masharti ya mwandishi hayajadondoshwa, na inaonekana mawazo ya mwandishi yanaishia wapi.
- 3: kama hapo juu, lakini mpaka kati ya mwandishi na mwanafunzi hauonekani.
- 1: sentensi ya mwandishi imebaki, maneno machache yamebadilishwa, rejeleo lipo.
- 0: maneno ya mwandishi yalivyo, bila alama za kunukuu, rejeleo lipo.

Hakuna alama 2, na ni kwa makusudi. Ukiiweka, msahihishaji aliyechoka ataikimbilia kila mara. Anayekutana na pengo hilo analazimika kuamua: hii ni sentensi ya nani?

Kumbuka jambo moja la APA toleo la 7. Namba ya ukurasa ni lazima kwa nukuu ya moja kwa moja, lakini kwa maelezo yaliyoandikwa upya si lazima, ingawa inaruhusiwa. Rubriki hii inaihitaji kote, kwa sababu bila ukurasa huwezi kukagua sampuli ya kitabu kizima. Kwa hiyo andika waziwazi kwenye maelekezo: "Katika kazi hii, taja ukurasa au sehemu hata unapoeleza upya." Usipoandika, mwanafunzi atakayekata rufaa atakuwa na haki.

4. Mstari wa ubora usihesabu vyanzo.

Ondoa kabisa sharti la "vyanzo visivyopungua 10". Sharti hilo ndilo linalozaa orodha zilizojazwa vitabu ambavyo havikufunguliwa. Badala yake chagua madai mawili yanayobeba hoja ya insha, yale ambayo yakianguka insha nzima inaanguka, kisha uliza kama chanzo kinafaa kwa dai hilo. Toa 3 kwa chanzo cha asili kinachofaa, 2 kwa chanzo kizuri kinachomnukuu mwingine, 1 kwa chanzo kisichojulikana kimepata wapi habari zake, na 0 kwa kisichofaa kabisa.

Chanzo hakina ubora peke yake bila kuangalia kimetumikaje. Makala ya mwaka 1998 katika jarida la Lancet iliyohusisha chanjo ya MMR na usonji ilifutwa na jarida lenyewe mwaka 2010. Mwanafunzi anayeitumia kuthibitisha kwamba chanjo huleta usonji anapata 0. Anayeitumia katika insha ya historia ya upotoshaji wa kisayansi, akisema wazi kwamba ilifutwa, ametumia chanzo cha asili barabara, naye anapata 3. Vivyo hivyo, gazeti linafaa kwa tukio lililotokea jana lakini halifai kwa matokeo ya jaribio la dawa.

Alama 2 za mwisho mpe anayeonyesha kwamba anajua chanzo chake kinaishia wapi: takwimu ni za zamani, utafiti ulifanyika kwa watu wachache, mwandishi ana maslahi. Sentensi moja ya namna hiyo inatosha.

5. Dai kiambatisho cha kurasa, na weka kanuni ya sampuli.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa wakidhani kazi itakuwa kubwa. Inakuwa ndogo ukimwachia mwanafunzi sehemu yake. Mwambie aambatishe faili moja lenye picha au nakala ya kila ukurasa aliourejelea, sehemu aliyoitumia ikiwa imepigiwa mstari. Wewe hutafuti kitu, unalinganisha tu.

Sampuli zichaguliwe hivi kwa kila mwanafunzi: dai la kwanza lenye namba au takwimu, dai kubwa kuliko yote kwenye hitimisho, na rejeleo la kwanza kwenye ukurasa wa kati wa insha. Wanafunzi wajue kuna sampuli tatu, lakini wasijue kanuni. Sampuli ikiangukia nukuu ya moja kwa moja, itumie kwa mstari A, na kwa mstari C nenda kwenye rejeleo linalofuata ambalo si nukuu.

6. Sahihisha sampuli: mfano kamili.

Tuseme ukurasa wa 42 wa chanzo una maneno haya, ambayo nimeyatunga kwa ajili ya zoezi:

> Miti inayopandwa kando ya mto hupunguza mmomonyoko kwa njia mbili: mizizi hushika udongo wa kingo, na majani yanayoanguka hufunika ardhi ili matone ya mvua yasiipige moja kwa moja. Hata hivyo, faida hii huonekana pale tu miti inapokuwa imekomaa. Mwanzoni, uchimbaji wa mashimo wenyewe unaweza kuongeza udongo unaosombwa.

Sampuli ya kwanza ya mwanafunzi:

> Miti inayooteshwa pembeni mwa mto hupunguza mmomonyoko kwa namna mbili: mizizi hukamata udongo wa kingo, na majani yanayodondoka hufunika ardhi ili matone ya mvua yasiigonge moja kwa moja (Mwandishi, 2018, uk. 42).

"Kupandwa" imekuwa "kuoteshwa", "njia" imekuwa "namna", "kushika" imekuwa "kukamata". Mifupa ya sentensi haijaguswa: nukta mbili zipo palepale, mizizi kwanza, majani baadaye, hata "ili" iko mahali pake. Chanzo kinasema hivyo na ukurasa ni wenyewe, kwa hiyo A ni 2. Lakini C ni 1. Hii ndiyo kazi ya kuunga viraka, na namna rahisi ya kuitambua ni kuweka kidole kwenye viunganishi na alama za uakifishi badala ya nomino na vitenzi. Anayenakili hubadilisha nomino na vitenzi, akasahau viunganishi.

Angalia pia kisichostahili kukatwa. "Mmomonyoko", "kingo" na "mizizi" ni maneno ya fani. Ukimwadhibu kwa kuyarudia, utamsukuma abuni visawe vya ajabu vinavyoharibu maana.

Sampuli ya pili:

> Kupanda miti ni suluhisho la haraka kwa mto unaopoteza kingo zake (Mwandishi, 2018, uk. 42).

Maneno ni yake mwenyewe, na programu ya kupima ufanano haitaona chochote. Lakini chanzo kinasema faida huja miti ikikomaa, na hakuna haraka yoyote hapo. A ni 0. Kwa C, usimpe sifuri ya pili: kosa ni moja, la kupotosha, na limeshakatwa. Nenda kwenye rejeleo linalofuata ulitumie kwa C. Tuseme huko ameeleza upya vizuri, lakini amemaliza aya ya sentensi nne kwa rejeleo moja, na haijulikani ni sentensi zipi za mwandishi. C hapo ni 3.

Sampuli ya tatu:

> Kwa mujibu wa Mwandishi (2018, uk. 42), mradi wa kupanda miti kando ya mto unaweza kuongeza udongo unaosombwa kabla ya kuupunguza, kwa sababu mashimo huchimbwa mwanzoni ilhali kinga ya mizizi na majani huja baadaye. Ninaona kwamba tathmini inayofanywa mwaka wa kwanza inaweza kuuhukumu mradi mzuri kuwa umeshindwa.

Ameanza na kile ambacho mwandishi alikiweka mwisho, kwa sababu ndicho anachokihitaji. Sharti la "miti ikomae" halikudondoka. Na "Ninaona kwamba" inaonyesha wazi mwandishi ameishia wapi: suala la tathmini halimo kwenye chanzo, ni wazo la mwanafunzi. A ni 2, C ni 4.

Sasa jumlisha. Mstari A: 2, 0 na 2, jumla 4. Majina yote ya ndani ya insha yamo kwenye orodha na ya orodha yamo ndani, ongeza 2. Mtindo una makosa yanayojirudia, ongeza 1. Inakuwa 7 kati ya 10. Mstari B: dai moja lina chanzo cha asili (3), jingine lina kitabu cha kiada kinachomnukuu mtafiti mwingine (2), mipaka ya chanzo imetajwa nusunusu (1). Inakuwa 6 kati ya 8. Mstari C: 1, 3 na 4, yaani 8 kati ya 12. Jumla ni 21 kati ya 30, na unaweza kumwonyesha mwanafunzi kila alama ilipopotelea.

7. Ijaribu na mwenzako kabla ya kuigawa.

Sahihisheni zile kazi za zamani bila kuoneshana. Mkitofautiana zaidi ya alama 2 kwenye mstari mmoja, msibishane nani mkali. Someni maelezo ya alama hiyo na mtafute neno lililosomwa kwa namna mbili, kisha mlibadilishe. Mara nyingi tatizo huwa kwenye mpaka wa C kati ya 1 na 3, na suluhisho ni kuongeza mfano mmoja wa kila alama chini ya jedwali.

8. Wape wanafunzi rubriki pamoja na mfano, siku ya kutoa kazi.

Ukiitoa baada ya kusahihisha, inakuwa hati ya mashtaka. Wagawie kifungu kimoja kutoka kwenye masomo yao, wakisome, wakifunike, waandike bila kukitazama, kisha wajipe alama za mstari C kwa kulinganisha. Dakika 20 za darasa zinatosha.

## Makosa ya kuepuka

Usitumie asilimia ya programu ya ufanano kama alama. Programu hiyo inapima mfuatano wa maneno uliofanana. Inaweza kuhesabu orodha ya marejeleo na nukuu halali, na inapitwa na sampuli ya pili hapo juu. Itumie kujua pa kuangalia, basi.

Usiruhusu tafsiri ipite kama kueleza upya. Wanafunzi wengi husoma kwa Kiingereza na kuandika kwa Kiswahili, na kutafsiri sentensi kwa sentensi huonekana kama kazi yao halisi. APA yenyewe, kwenye toleo la 7, inaagiza tafsiri uliyoifanya mwenyewe ichukuliwe kama maelezo yaliyoandikwa upya, kwa hiyo haiwekewi alama za kunukuu. Hapo mwanafunzi hajavunja mtindo, na usimkate mstari A. Lakini mstari C unapima kitu kingine. Andika kwenye rubriki: "Tafsiri inayofuata chanzo sentensi kwa sentensi hupata 1 kwenye C." Utaitambua kwa kulinganisha mpangilio wa mawazo kwenye kiambatisho, kwani maneno hayatafanana.

## Ukikwama

Chanzo hakipatikani. Kama kina DOI, ibandike baada ya `https://doi.org/` uone inafungua nini. Ikifungua makala nyingine, inaweza kuwa kosa la kunakili tarakimu. Tafuta kwa kichwa cha makala kabla ya kushuku. Kisipopatikana popote na mwanafunzi hawezi kukileta, hilo ni la hatua ya 1.

Mwanafunzi amemtaja mtafiti wa asili lakini kiambatisho ni cha kitabu kinachomnukuu. Alipaswa kuandika "kama alivyonukuliwa katika". Mpe 1 kwenye A kwa sampuli hiyo, na upime B kwa kitabu alichokisoma kweli.

Kila mtu amepata 1 kwenye C. Inawezekana swali la insha linajibiwa na aya moja ya kitabu cha kiada. Badilisha swali lidai kulinganisha vyanzo viwili vinavyotofautiana, kwani hakuna sentensi moja ya kunakili inayolijibu.

Nukuu za moja kwa moja zimejaa, ili kukwepa mstari C. Weka kikomo kwenye maelekezo, kwa mfano nukuu zisizidi moja ya kumi ya maneno yote, isipokuwa pale maneno yenyewe ndiyo yanayochambuliwa, kama shairi au kifungu cha sheria.

Darasa lina wanafunzi mia tatu. Punguza sampuli hadi mbili na uzidishe alama zake: A iwe 3 kwa kila sampuli na C iwe 6, kisha uandike upya maelezo ya alama hizo. Usipunguze hadi moja. Mwanafunzi mzuri anaweza kukosea ukurasa mmoja, na sampuli moja ikimwangukia hapo utakuwa umempima kwa bahati.